Kwenye Simu Hakuna Penseli

Kazi yangu mimi ni gundi. Nabandika majani makavu kwenye karatasi nene, naandika yaliokotwa wapi na lini, kisha nayafungia kabatini pamoja na wenzao laki na kitu. Chumba chetu cha kuhifadhi mimea kiko ghorofa ya pili, kinanuka naftalini, na kina meza mbili tu. Ya dirishani ni yangu. Ya pili, ile iliyojibana kati ya makabati na kikaushio, ni ya mwanamke ambaye jengo zima linamwita Shangazi Penseli. Ndiye ninayetaka kusimulia habari zake, maana mwenyewe hatasimulia hata umfunge kamba.

Shangazi ni wa kuvu na uyoga. Wengine wote humu ni watu wa majani na maua, vitu ambavyo mgeni akija anasema "ah, pazuri". Vya Shangazi, mgeni akionyeshwa, anarudi nyuma hatua moja. Uyoga mkavu ndani ya bahasha hauna tofauti na kipande cha kiatu. Lakini yeye anaufungua kwa ncha za vidole, anautazama kwa hadubini, na kabla hajasema lolote anachomoa penseli iliyoko sikioni.

Hiyo penseli ndiyo sheria ya nyumba yetu. Jina la kitu usichokuwa na hakika nacho linaandikwa kwa penseli. Ukishahakikisha, yaani umekipima, umekikata, umekitazama, umekilinganisha na vilivyohifadhiwa kabla yake, ndipo unaandika kwa wino. Sisi wa majani tunaandika wino kila siku. Shangazi, kwa miaka tisa niliyokaa naye, nimemwona akishika kalamu ya wino mara chache mno, na kila mara alikuwa na uso wa mtu anayetia sahihi hati ya ndoa.

Matatizo yalianza na tangazo. Mkubwa wetu alitaka watu watuletee vielelezo, yaani uyoga wenyewe wa kuhifadhi, akabandika karatasi mlangoni na kwenye ofisi za kilimo: "Umeona uyoga usioujua? Wasiliana nasi." Chini yake namba ya simu ya Shangazi. Watu wakasoma walichotaka kusoma. Mvua ya kwanza tu, simu ikaanza kulia, na hakuna hata mmoja aliyetaka kuleta kielelezo. Kila mtu alituma picha na swali moja: unaliwa?

Picha zenyewe ungezicheka. Uyoga umeshikwa kiganjani, umepigwa kutoka juu, kidole gumba kimeziba nusu. Uyoga uko mbali, mbwa yuko karibu. Mmoja alituma picha ya sufuria. "Nimeshaweka kitunguu, jibu upesi," aliandika. Shangazi akamjibu kama alivyomjibu kila mtu: "Kwa picha siwezi kuhakikisha. Usile. Kama umeshakula, nenda hospitali sasa hivi hata kama hujisikii vibaya, na ubebe mabaki." Yule wa kitunguu alimrudishia tusi ambalo siliandiki hapa.

Mimi nilikuwa namsumbua. Namjua, mwanamke huyu anatambua uyoga tangu mlangoni, bado uko kwenye mfuko wa aliyeuleta. "Shangazi, si uwaambie tu? Huo si unaujua?"

"Nadhani naujua."

"Basi sema unadhani."

"Wewe mtoto, mwenye njaa ukimwambia nadhani, atasikia ndiyo."

Siku moja alichoka na mimi akaniita mezani kwake. Aliweka picha mbili za uyoga, kofia zimefanana kama mapacha. "Onyesha wa kuua." Nikaonyesha. Nikakosea. Akanieleza, bila haraka, kwamba picha haina harufu, haina uzito, haionyeshi vijimbavu vya chini ya kofia wala rangi ya vumbi la mbegu ambalo uyoga ukilazwa juu ya karatasi unaliacha mpaka kesho yake. Kwamba ule mbaya kuliko wote una kifuko cheupe kwenye shina, kimezikwa udongoni, na mtu akikata kwa kisu anakiacha kulekule. Kupika hakuondoi sumu. Kuonja hakukuambii kitu, kwa sababu watu waliowahi kusimulia wamesema ni mtamu. Na ugonjwa hauji palepale, unasubiri nusu siku au zaidi, kisha mtu unatapika, unapata nafuu, unashukuru, wakati huo ini linakufa polepole.

"Halafu," akasema, "picha ni ya mmoja. Kikapu kina ishirini."

Nikarudi kwenye gundi yangu. Kwa wiki moja.

Sasa niseme la pili, na nalisema wazi kwa sababu kulizungukia ni unafiki: Shangazi alikuwa mpweke. Hakuolewa. Alimlea mtoto wa marehemu dada yake, akamsomesha, binti akaenda kuishi mbali pamoja na mumewe, na sasa anapiga simu sikukuu kwa sikukuu. Mchana, sisi tukishuka kula, Shangazi alikula mezani kwake chakula alichokuja nacho, huku amefunika bahasha zake kwa gazeti. Ukimwita anasema "tangulieni, nakuja", na haji. Simu yake ilikuwa inalia kutwa, na hakuna hata ujumbe mmoja uliomuuliza ameamkaje.

Mpaka akaja Fundi Saa.

Huyu alikuwa mzee wa makamo anayetengeneza saa kwenye kibanda mbele ya nyumba yake, upande wa pili wa mji, nyuma ya tangi la maji. Ujumbe wake wa kwanza ulianza na salamu. "Habari za asubuhi, dada. Samahani kukukatiza kazi." Kisha picha tatu: juu, chini, ubavuni. Pembeni ya uyoga alikuwa ameweka saa ya mkono ili ukubwa wake ujulikane. Shangazi aliitazama ile picha muda mrefu. "Mtu mwenye adabu," akasema, nami nikashangaa, maana Shangazi hamsifu mtu hovyo.

Alimjibu lilelile: usile. Naye akajibu: "Sawa, dada. Nimetupa. Asante kwa kunijali."

Ikawa hivyo misimu mitatu ya mvua. Nyuma ya nyumba ya Fundi kulikuwa na kichuguu, na mvua ikinyesha uyoga ulichipua pale. Zamani mkewe ndiye aliyekuwa anauchuma. Alijua upi wa kuchuma na upi wa kuacha, na hakumfundisha mtu. Mke alifariki, ujuzi ukaenda naye. Fundi alitamani kula tena mara moja kile chakula. Hakusema zaidi ya hapo, lakini kila mvua alituma picha, kila mara aliuliza "huu je?", kila mara aliambiwa usile, na kila mara alitupa.

Kati ya picha na picha wakaanza kuzungumza. Saa ya nani imekufa leo. Mvua ya kwenu imefika? Kikaushio chenu kimepona? Uyoga unachimbwaje mzima, na lebo yenu ina ukubwa gani? Niliwahi kumsikia Shangazi akicheka peke yake nyuma ya kabati, nikadhani kuna mgeni. Siku hizo alishuka kula nasi mara mbili. Simu aliiweka kando ya sahani, uso juu.

"Shangazi," nikamtania, "huyo naye si kielelezo? Mbona hujamwomba aje?"

"Gundi yako inakauka," akaniambia.

Msimu wa tatu, asubuhi moja saa nne hivi, simu ikalia. Nilimwona Shangazi akivaa miwani, akiivua, akiivaa tena. Akanisogezea simu, jambo ambalo hakuwahi kufanya.

Fundi alikuwa ametuma picha nne. Safari hii alikuwa amechimba. Uyoga ulionekana mzima, na chini ya shina ukashuka mzizi mrefu, mwembamba, kama unavyotakiwa kuwa uyoga unaoota kutoka ndani kabisa ya kichuguu. Chini ya picha aliandika:

"Dada, leo ni miaka minne tangu mama wa nyumba hii aondoke. Nimechimba kama ulivyonifundisha. Miaka mitatu nakuuliza, miaka mitatu unanikataza, nami nakutii. Leo nijibu kama unavyomjibu mtu unayemjua. Kama mimi kwako ni sawa na wote, niambie hilo pia, sitakusumbua tena."

"Ule wa mzizi mrefu unaliwa," nikasema. Hata mimi wa majani nilijua.

"Kimya."

Alikaa. Alinyanyuka, akafungua kabati, akatoa bahasha, akalinganisha, akarudisha. Ilikuwa kama kumtazama mtu akibishana na nafsi yake na pande zote mbili zina haki. Naapa nilitaka amjibu vizuri. Mtu mmoja tu duniani alikuwa anamuuliza ameamkaje, na mtu huyo alikuwa anaaga.

Mwisho akaandika. Hakuandika "kula". Aliandika jina tu: "Huo kwenye picha nadhani ni uyoga wa kichuguu." Akatuma, akashusha pumzi, akarudi kwenye hadubini. Hakutazama kitu. Nilimwona.

Zikapita dakika kama arobaini. Halafu nikasikia kiti chake kikianguka.

"Nimempa jina," alisema. Alikuwa amesimama, mkono uko sikioni, anaishika penseli. "Aliniuliza kama anaweza kula, nikampa jina. Atalichukua kama wino. Kwenye simu hakuna penseli."

"Si umeandika nadhani?"

"Ningekuambia wewe nadhani, ungekuja kuniuliza kwa nini nadhani. Yeye amengoja miaka mitatu!"

Akaifungua picha ya nne akaikuza. Nyuma ya ule uyoga uliochimbwa, pembeni kabisa, ilionekana nusu ya kikapu. Ndani kofia nyingi za rangi ya kijivu iliyokolea. Moja ilikuwa ya kijani kilichopauka, kama majani yaliyokosa jua. Hapo nikaona mashina: yote kikapuni yalikuwa yamekatwa kwa kisu. Alichimba mmoja kwa ajili ya picha. Iliyobaki aliichuma kama mkewe alivyokuwa akifanya.

Alipiga simu. Ikaita, ikakatika. Akapiga tena. Fundi alikuwa na tabia ya kuichaji simu chumbani akiwa na shughuli. Mara ya nne Shangazi alikuwa ameshafika ngazini, na mimi nyuma yake na gundi mikononi.

Tulikodi pikipiki mbili. Sijui tulipita wapi. Nakumbuka nilimpigia kelele nikimuuliza kama ana hakika na ile kofia ya kijani, naye akanijibu kwa sauti iliyopasuka, "Sina! Ndiyo maana naenda!"

Mlango wa nyumba, nyuma ya kibanda, ulikuwa wazi. Ndani kulikuwa na meza kubwa na viti sita. Viti vitano vimelaliwa na saa za ukutani zilizofunguliwa matumbo, cha sita amekalia mwanamume mwembamba aliyenyolewa vizuri, amevaa shati la kupigwa pasi. Mbele yake sahani moja inatoa mvuke. Kijiko mkononi. Alipotuona alisimama, akaelewa yule ni nani kabla hajaambiwa, akaanza kutabasamu.

"Dada! Karibu, kar—"

"Umekula?"

"Nangoja kipoe."

"Umeonja?"

"Chumvi tu. Kijiko kimoja cha mchuzi." Tabasamu likaanza kumtoka. "Si uliniambia mwenyewe jina lake?"

Shangazi alikunja mikono ya nguo. Alivua saa yake ya mkono, akaiweka mezani, akakusanya ile sahani na sufuria, akamimina vyote kwenye ndoo yenye mfuniko na kuifunga. Kisha akauliza aliuchuma wapi. Kichuguuni, Fundi akasema. Wote? Hapo akasita. Wote, isipokuwa miwili mitatu. Kule kwenye misonobari ya uani. Ilifanana sana.

Tukaenda wote watatu. Chini ya msonobari wa pili Shangazi alipiga magoti na nguo yake ya kazi, akachimba kwa koleo dogo la bustani, taratibu, kama anayeondoa nywele kwenye kidonda. Akatoa kisiki cha shina. Kilikuwa kimekaa ndani ya kifuko cheupe, laini, kimechanika mdomoni. Akachimba kando yake, akatoa cha pili. Kisu kilikuwa kimepita juu ya vifuko, na kitu pekee ambacho kingeweza kumwonya mtu kilibaki udongoni.

Fundi alivitazama. "Mama wa nyumba hii hakuwahi kuchuma huku," alisema polepole.

"Twende hospitali," Shangazi akasema.

"Lakini sina ninachohisi."

"Najua. Twende."

Alibishana hadi barabarani. Hospitalini pia alibishana, na daktari kijana naye aliona kijiko kimoja ni kitu kidogo, mpaka Shangazi alipovifungua vile vifuko juu ya meza yake na kumwambia saa ya kuonja, na kwamba sumu hii huingia kwenye mchuzi. Daktari akaacha kutabasamu. Walimlaza, wakamwekea maji ya mshipa, wakampima damu asubuhi na jioni. Alitapika kidogo. Siku ya pili vipimo vya ini vilipanda. Siku hiyo Shangazi hakuja kazini, na nilipopita hospitali nilimkuta kwenye benchi la nje ya wodi, mikono mapajani, bila kitabu wala simu. Nikamwachia maandazi.

Siku ya nne vipimo vilishuka. Daktari alisema angemaliza sahani ile, tungekuwa tunazungumza mengine.

Ungetegemea mtu amshukuru. Fundi alishukuru, tena kwa heshima, amekaa kitandani na shati lake la pasi. Shangazi naye akamwambia yote: sheria ya penseli na wino, na kwamba kosa ni lake. "Uliuliza swali moja nikajibu jingine, kwa sababu niliogopa usingeniandikia tena." Aliyasema mbele yangu na mbele ya mgonjwa wa kitanda cha pili. Fundi aliangalia shuka. Nadhani aliona aibu mara mbili: kwa uyoga, na kwa ule ujumbe wake uliomsukuma mtu ukutani. Akasema "hapana, dada, kosa ni langu".

Baada ya hapo simu ikanyamaza. Yaani ililia, ila na watu wale wengine. Mbwa, vidole gumba, masufuria. Shangazi aliwajibu wote: usile. Sasa aliongeza mstari mmoja: "Sitakupa jina kwa picha. Uchimbe mzima, uufunge kwenye gazeti, uulete." Hakuna aliyeleta. Aliacha kushuka kula. Simu aliigeuza uso chini. Mvua iliyofuata ilinyesha wiki nzima, na kila simu ilipotetemeka nilimwona akihesabu moja mbili kabla ya kuigeuza. Iliniuma, na hasira yangu sikujua niielekeze kwa nani.

Mwezi uliopita mhudumu wa mapokezi alileta kifurushi. Ndani ilikuwa saa ya Shangazi, ile aliyoisahau mezani kwa Fundi. Ilikuwa saa mbovu, inachelewa tangu namjua, aliivaa kwa mazoea tu. Sasa ilikuwa inakwenda sawasawa na ya ukutani. Mkanda mpya. Chini yake kikaratasi kidogo kilichokatwa kwa vipimo vya lebo zetu, yaani alikuwa amekumbuka hata ukubwa wake, na kimeandikwa kwa penseli, mwandiko wa mtu aliyezoea vitu vidogo:

"Karibu chai. Ijumaa yoyote."

Shangazi alikisoma, akakiweka kwenye droo ya juu, akavaa saa. Ijumaa ikaja, akabaki kazini mpaka saa kumi na moja. Ijumaa ya pili vilevile. Ya tatu ilipokaribia, nikamuuliza.

"Labda ni adabu tu," alisema. "Mtu akirudisha kitu huandika chochote. Sijahakikisha."

Hapo nikashindwa. Nilitupa brashi ya gundi. Nikamwambia watu wangapi wako hai kwa sababu yake hatutajua kamwe, na kwamba kwa uyoga yuko sahihi, awaambie usile mpaka siku ya kufa. Lakini hiki si uyoga! Mtu amekaa kwenye kiti kimoja kati ya sita. "Hiki kinaliwa, Shangazi," nikamwambia. "Nakuhakikishia mimi."

Nilidhani atanifukuza. Alifungua droo, akakitoa kikaratasi, akakiweka juu ya meza. Kisha akaanza kutafuta kitu. Alipekua droo ya kwanza, ya pili, kopo la vifaa, mfuko wa koti lake la kazi. Penseli zilikuwa kumi na kitu. Kalamu za wino alizokuta zilikuwa mbili, na zote zimekauka kwa kukosa kazi.

Nikampa yangu. Alikaa nayo mkononi hadi tukafunga ofisi, na sikuona akiandika chochote. Ilikuwa Alhamisi. Kesho yake aliomba ruhusa ya kuondoka mapema, na kalamu yangu hajairudisha.